Katiba ya Kikundi cha Hisa, Mbagala: Jedwali la Matoleo na Mabadiliko

Jedwali hili linakaa ukurasa wa 2 wa katiba na halitolewi hata tukipiga fotokopi. Ukigusa kifungu chochote andika hapa siku hiyohiyo, na faili la zamani usifute. Toleo linalotumika sasa ni 1.2, ukiona mtu ana kopi ya nyuma mwambie aje achukue mpya kwa katibu.

| Toleo | Tarehe | Aliyeandika | Kilichobadilika |
|---|---|---|---|
| 0.1 | 12/01/2025 | Katibu | Drafti ya kwanza. Sheria zote zimetolewa kwenye daftari la kaunta la mwaka jana zikapangwa vifungu 18, hakuna jipya lililoongezwa. |
| 0.2 | 19/01/2025 | Mhazini | Kif. 6: bei ya hisa imetoka 2,000 kwenda 5,000. Mwisho hisa 5 kwa mkutano, hiyo imebaki vilevile ili mwenye nacho asimeze kikundi. |
| 0.3 | 26/01/2025 | Katibu | Kif. 8, sanduku. Kufuli tatu, washika funguo watatu, na hakuna hata mmoja wao anayetoka kwenye uongozi wala kulala nyumba inayotunza sanduku. Imeongezwa pia kwamba mshika funguo akisafiri anakabidhi mbele ya mkutano, sio kumwachia mtoto au jirani. |
| 0.4 | 09/02/2025 | Mhazini | Kif. 9, mikopo, hapa ndo pamebadilika kuliko kote. Kukopa bado ni hadi mara tatu ya hisa zako, mwenye laki moja mwisho wake laki tatu. Ila riba ilikuwa 10% kila mwezi kwa mkopo mzima hata kama umesharudisha nusu, yani aliyechukua laki tatu kwa miezi mitatu alilipa 30,000 mara tatu, jumla 90,000, na wakina mama wa genge wakawa wanaogopa kukopa pesa yao wenyewe. Sasa ni 5% kwa salio lililobaki: laki tatu hiyohiyo, ukirudisha laki kila mwezi, ni 15,000 halafu 10,000 halafu 5,000, jumla 30,000. Mgao wa mwisho wa mwaka unaweza kupungua, wanachama wameelezwa kwa hesabu ubaoni na wamekubali, ipo kwenye muhtasari. |
| 0.4b | 10/02/2025 | Mwenyekiti | Kif. 9(c): "anaweza kuwa na wadhamini" imekuwa "lazima awe na wadhamini wawili". Maneno machache tu lakini yanabeba mzigo. |
| 0.5 | 23/02/2025 | Katibu | Kif. 4: kipindi cha mfungo wa Ramadhani mkutano unaanza saa 8 mchana badala ya saa 10 jioni, watu wawahi kufuturisha nyumbani. |
| 0.6 | 09/03/2025 | Mtunza nidhamu | Kif. 12, faini. Kuchelewa 1,000, kutokuja bila taarifa 2,000. Mwenye mgonjwa hospitali au aliyejifungua hatozwi. |
| 0.7 | 23/03/2025 | Katibu | Kif. 14, mfuko wa jamii. Zamani iliandikwa "msiba wa ndugu" na kila mwaka tulikuwa tunabishana ndugu ni nani huku mwenzetu anangoja rambirambi. Sasa wametajwa: mwenza, mzazi, mtoto wa kuzaa na wa kumlea. Rambirambi 150,000 na inatoka ndani ya saa 24, haisubiri mkutano. Wakwe walijadiliwa sana, kura hazikutosha, hawamo. |
| 1.0 | 06/04/2025 | Katibu | Imepitishwa na mkutano mkuu, kila mwanachama amesaini au kuweka dole gumba kila ukurasa. Asiyesoma alisomewa kwanza, kifungu kwa kifungu. |
| 1.1 | 18/05/2025 | Katibu | Marekebisho baada ya afisa maendeleo ya jamii wa kata kuipitia kwa ajili ya usajili. Kif. 1 kimetaja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, sisi tuko daraja la nne. Kif. 19 ni kipya kabisa, kikundi kikivunjika: madeni yanakusanywa kwanza, kisha kila mtu anapata kwa hisa zake, na kilichobaki mfuko wa jamii kinagawanywa sawa kwa vichwa. |
| 1.2 | 15/06/2025 | Mhazini | Kif. 7: aliye safarini anaruhusiwa kutuma hisa kwa simu, makato anabeba mwenyewe. Inatumwa kwenye laini ya kikundi tu, sio namba ya kiongozi yeyote, na meseji ya muamala inasomwa kwa sauti mkutanoni kabla kitabu chake hakijagongwa muhuri. Kif. 9 hakijaguswa. |