Barua ya kudai cheti cha utumishi na kliaransi

Rehema Elias Mushi
Majengo, Moshi

4 Agosti 2025

Meneja Rasilimali Watu
Ofisi Kuu ya Kampuni
Njiro, Arusha

Ndugu Meneja,

YAH: KUPATIWA CHETI CHA UTUMISHI NA BARUA YA KLIARANSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa mtumishi wa kampuni hii, cheo changu cha mwisho Mtunza Stoo, kitengo cha vipuri, karakana ya Njiro. Nilitoa notisi ya maandishi ya siku 28 tarehe 3 Juni 2025, na siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa 30 Juni 2025. Mshahara wa Juni na siku za likizo zilizobaki nimeshalipwa, kwa hiyo barua hii haidai fedha. Ninachoomba ni nyaraka mbili tu: cheti cha utumishi, na barua ya kliaransi inayoonyesha kwamba sidaiwi.

Niliziomba kwa barua pepe tarehe 7 Julai. Tarehe 18 Julai ofisi yako ilinijibu kwamba cheti kitatoka baada ya Uhasibu kusaini fomu ya kliaransi. Tangu hapo sijapata jibu lingine. Kwenye fomu hiyo Karakana, Usafirishaji, Tehama na Stoo wamesaini. Nafasi mbili ndizo tupu, ya Uhasibu na ya kwako, na nafahamu kwamba ya kwako inasubiri ya Uhasibu.

Uhasibu wamesimama kwenye matairi mawili ya 7.50R16. Mfumo unaonyesha matairi 14, na hesabu ya makabidhiano ya tarehe 27 Juni ilikuta 12. Hayo mawili hayajapotea. Yalitoka stoo tarehe 19 Juni kwa ajili ya gari lililokuwa linajiandaa kwenda Serengeti, kwa hati ya kutolea vifaa iliyosainiwa na fundi aliyeyapokea na msimamizi wa karakana. Kadi ya stoo iliyoning'inia kwenye rafu ya matairi ina mstari wa siku hiyo: yametoka 2, salio 12. Nakala ya hati iliyopaswa kwenda Uhasibu ilibaki karakana, haikuingizwa kwenye mfumo, na ndiyo maana salio la kompyuta halijashuka. Nimeambatanisha nakala iliyobaki kwenye kitabu cha stoo, pamoja na hati ya makabidhiano ambayo mimi, aliyepokea stoo na mkaguzi wa ndani tulisaini wote. Mkaguzi ameandika kwa mkono wake pembeni mwa mstari wa matairi: "hati ipo, haijaingizwa".

Kwa hiyo kinachohitajika ni mhasibu wa stoo kuingiza hati hiyo kwa tarehe yake ya 19 Juni, kisha kulinganisha salio na kadi. Naomba asifanye marekebisho ya jumla kwa tarehe ya leo. Akifanya hivyo, matairi yataonekana kama upungufu uliofutwa chini ya jina langu, wakati ukweli ni kwamba yalitolewa kihalali na yamefungwa kwenye gari la kampuni.

Kama baada ya hapo kampuni bado inaona kuna deni, naomba niandikiwe chanzo chake, kiasi, na jinsi kilivyokokotolewa, nami nipewe nafasi ya kujibu. Hivyo ndivyo kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinavyotaka kabla mfanyakazi hajakatwa fedha kwa ajili ya hasara. Hadi leo sijapokea barua ya namna hiyo. Nimeambiwa kwa mdomo tu, getini, kwamba "kuna vitu havijakaa sawa".

Naomba pia tutenganishe nyaraka hizi mbili. Kliaransi ni utaratibu wa ndani wa kampuni, na nauheshimu. Cheti cha utumishi ni wajibu wa mwajiri chini ya kifungu cha 44(2) cha sheria hiyohiyo: ajira inapokoma, mwajiri anampa mfanyakazi cheti. Kifungu hicho hakisemi cheti kisubiri fomu ya kliaransi. Hata kama suala la matairi litachukua muda, cheti changu kingeweza kutoka leo.

Rasimu ya cheti niliyoonyeshwa kwenye simu na karani wa ofisi yako ina makosa matatu ambayo naomba yarekebishwe kabla ya kuchapwa. Tarehe ya kuanza kazi imeandikwa 1 Machi 2021. Hiyo ni tarehe ya mkataba wa kudumu. Nilianza 1 Machi 2019 kwa mkataba wa miaka miwili, nikaendelea bila kukatika hata siku moja, na mikataba yote miwili imo kwenye faili langu. Cheo kimeandikwa Msaidizi wa Stoo, wakati barua ya kupandishwa ya 1 Julai 2022 inasema Mtunza Stoo. Na jina limeandikwa Rehema Mushi. Naomba yawe majina matatu, Rehema Elias Mushi, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kadi ya NSSF. Jina likipishana hata kidogo, mwajiri mpya hurudisha karatasi, na mimi hurudi tena Njiro.

Cheti kiwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, kisainiwe kwa wino na kugongwa mhuri. Sitaweza kutumia picha ya simu wala nakala iliyoskaniwa. Wala msihangaike kunitumia kwa dereva wa basi. Nitaifuata nakala halisi mwenyewe na kusaini kwenye kitabu cha kupokelea barua.

Haraka yangu ina sababu. Mwajiri wangu mpya hapa Moshi amenipa hadi tarehe 20 Agosti kuwasilisha nyaraka zote mbili. Nisipozileta, nafasi atapewa mwingine. Nimetunza stoo hiyo kwa uaminifu kwa miaka sita, na inaniuma kuona kazi mpya ikiponyoka kwa sababu ya hati ambayo iko mezani.

Naomba nyaraka hizi ziwe tayari ifikapo Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025. Hizo ni siku saba za kazi kuanzia kesho, bila kuhesabu Nane Nane na mwisho wa wiki. Nikiona kimya, nitajaza fomu CMA F.1, nitawafikishia nakala yake, na kuiwasilisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Arusha. Muda wa siku 60 wa kupeleka mgogoro wa aina hii, ukihesabiwa tangu 30 Juni, unaisha tarehe 29 Agosti, kwa hiyo sitaweza kuendelea kusubiri ahadi za mdomo. Ningependa sana tumalize hapo ofisini, maana sina ugomvi na kampuni wala na mtu yeyote ndani yake.

Namba yangu ya simu ni ileile iliyomo kwenye faili. Ukinipigia asubuhi, mchana nitakuwa Njiro.

Wako mtiifu,

(Sahihi)
Rehema Elias Mushi

Viambatanisho: nakala ya barua ya notisi iliyopokelewa 3 Juni 2025, hati ya makabidhiano ya 27 Juni, hati ya kutolea matairi ya 19 Juni, picha ya kadi ya stoo, kurasa za kwanza za mikataba miwili, barua ya kupandishwa cheo.

Nakala: Mhasibu Mkuu, Mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, karakana ya Njiro.