Yah: Kufunga laini yangu na kunipatia nyingine yenye namba ileile

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja, Kariakoo
12 Machi 2025

Jana saa 2:40 usiku laini yangu inayoishia na 417 ilipoteza mtandao ghafla. Asubuhi wakala alinionyesha kwamba Sh 640,000 zimehamishiwa namba nisiyoijua. Hiyo ni ada ya wanangu wawili. Sikumpa mtu yeyote namba ya siri.

Naomba muifunge laini hiyo leo hii, muzuie fedha hizo zisitolewe, kisha mnipe laini mpya kwa namba hiyohiyo baada ya kuhakiki alama zangu za vidole. Nahisi kuna mtu aliyeibadilisha laini yangu bila ridhaa yangu; naomba pia kujua ni nani, na wapi.

Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA na RB ya polisi.

Wenu,
Rehema Juma