Kaka mkubwa amebaki nje

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo Luka 15, mfano wa mwana mpotevu, ila yule mdogo aliyetapanya mali akaishia kwenye nguruwe tunamjua, nataka tukae na kaka yake, mstari wa 25 mpaka 32. Katoka shamba kachoka, anasikia ngoma, anaambiwa mdogo wako karudi na ndama kachinjwa, akasusa, hakuingia. Na hasemi "mdogo wangu", anasema "huyu mwana wako", yaani undugu kashaukata! Anadai hajapewa hata mwana-mbuzi, wakati mstari wa 12 baba aliwagawia wote wawili, na yeye ndo mkubwa, kwa torati fungu lake ni mara mbili.

Mimi huyu kaka namwelewa kabisa, maana nimewahi kumuuguza mama miaka 3 halafu ndugu aliyepotea mjini akaja akapokelewa kwa vigelegele, iliniuma jamani.

Lakini angalia baba, anaacha sherehe, anatoka nje kumbembeleza, anamwita "mwanangu", anamrudishia neno: "huyu ndugu yako". Na Yesu hasemi kama huyo kaka aliingia. Mafarisayo walionung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi wako palepale wanasikiliza. Wewe uliyesusa, baba bado yuko nje na wewe.