Mazoezi ya nyumbani baada ya kuwekewa goti bandia (goti la kulia)

Mama, kunywa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kuanza. Fanya asubuhi, mchana na jioni. Goti kuvuta na kuuma kiasi ni kawaida. Likiuma hadi usiku au likivimba zaidi asubuhi, punguza idadi kwa nusu siku hiyo, lakini usiache kabisa.

Wiki ya 1 na 2

Kila saa ukiwa macho, pandisha na shusha nyayo mara 10, damu isigande miguuni.

Kunyoosha goti ndilo zoezi kubwa kuliko yote. Lala chali, weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti libaki hewani. Kaza msuli wa mbele wa paja ukisukuma goti chini, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10. Usiweke mto chini ya goti hata kama unasikia raha: likizoea kukaa limekunjwa, halitanyooka vizuri tena na utachechemea.

Kukunja: vaa soksi, buruta kisigino kuelekea makalio, tulia sekunde 5, rudisha. Mara 10. Tunalenga nyuzi 90, yaani ukikaa kwenye kiti ugoko usimame wima.

Tembea na fremu dakika 5, mara 4 kwa siku. Kisha lala, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15.

Wiki ya 3 hadi 6

Endelea na ya mwanzo. Ongeza kuinua mguu ulionyooka, kimo cha shibiri moja, mara 10. Goti likipinda wakati wa kuinua, msuli bado dhaifu: rudi kwenye kukaza paja kwa siku chache. Kaa na kusimama kwenye kiti kigumu mara 10, uzito ugawanyike sawa. Wengi huegemea mguu mzima bila kujua, kwa hiyo binti yako akae mbele akuangalie.

Ukihamia kwenye fimbo, ishike mkono wa kushoto. Ngazi: kupanda, tangulia mguu wa kushoto, kushuka, tangulia fimbo na mguu wa kulia.

Wiki ya 7 hadi 12

Panda na shuka kidaraja cha sentimita 10, mara 10. Shikilia meza, chuchumaa robo tu, mara 10. Tembea dakika 20 hadi 30. Choo cha kuchuchumaa bado hapana, tumia kiti cha choo. Swali ukiwa kwenye kiti.

Usisubiri kliniki

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikifika 38, au ukianguka, njoo hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, ni dharura: upelekwe mara moja, usiku au mchana.