PTSD na PTSD changamano: amua ni ipi kabla hujaandika mpango wa tiba

Chukua wagonjwa wawili wa kufikirika, wote hawalali. Dereva wa bodaboda, miaka 29, aligongwa na lori miezi 5 iliyopita, abiria wake akafia palepale. Sasa akisikia honi tu anaiona ajali kama inatokea tena, ile barabara hapiti, na muda wote yuko macho kama kuna kitu kinakuja. Hiyo ni PTSD, yaani ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, msimbo 6B40 kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya WHO.

Wa pili mama wa miaka 34, mkimbizi kutoka Kivu Kaskazini, yuko Kigoma. Alipigwa utoto mzima, vitani akabakwa zaidi ya mara moja. Naye ana zile dalili tatu zote, lakini ana na mengine: hasira ikipanda haishuki, au anakufa ganzi kabisa, anajiona uchafu, na mtu akimkaribia anamkimbia. Hapo ni PTSD changamano, 6B41, na ukishaandika hiyo huandiki tena 6B40 pembeni.

Jamani, kinachoamua ni dalili, siyo ukubwa wa tukio. Mtu anaweza kuteswa miaka akapata PTSD ya kawaida, na tukio moja likaleta changamano, ingawa mateso ya muda mrefu yasiyo na pa kukimbilia ndiyo yanaileta zaidi. Tumia ITQ, dodoso la kupima dalili za PTSD zote mbili, lakini usiliachie likuamulie, uliza na maisha yanaendaje nyumbani na kazini. Wanaofuata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, hawataikuta changamano kama ugonjwa wa peke yake.

Pia inachanganywa sana na tatizo la haiba la bodalaini. Kwenye bodalaini picha ya nafsi inabadilika badilika, leo mtu anakuganda kesho anakuchukia, hofu kubwa ni kuachwa. Huyu mama picha yake haibadiliki, ni mbaya siku zote, na watu anawakwepa tu.

Kwa dereva anza tiba ya kuzungumza inayolenga kiwewe, mwongozo wa NICE wa Uingereza wa 2018 unataja vikao 8 hadi 12 kwa kawaida. Kwa mama ongeza vikao, jenga uaminifu kwanza, mfundishe kutuliza hisia, hakikisha anapolala ni salama, muulize wazi kuhusu kujiua. Ila nasema kwa nguvu, maandalizi yasigeuke kisingizio cha kutogusa kiwewe miezi na miezi! Tiba ya masimulizi, ile ambayo mgonjwa anapanga maisha yake kwa kamba, maua kwa mazuri na mawe kwa mabaya, kisha anayasimulia, ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan huko Uganda wakiwa bado kambini, na ilisaidia.

Diazepamu ya kila usiku hapana, kwa wote wawili. Setralini inaweza kusaidia, hasa kukiwa na sonona. ITQ irudiwe kila baada ya vikao vichache, na kama alama za kiwewe zinashuka ila aibu iko palepale, vikao vinavyofuata viende kwenye aibu.