Shangazi na Vibua: somo la ufahamu wa kusikiliza

Darasa: Kiswahili kwa wageni, Bagamoyo, mwezi wa tatu wa masomo. Wanafunzi 9. Muda: dakika 60. Vifaa: ubao, chaki, daftari na sauti yako.

Mwalimu mwenzangu, Jumanne utanishikia darasa hili, kwa hiyo nimeliandika somo lote. Wanafunzi wanajua kusoma vizuri kuliko wanavyosikia. Wakiwa na karatasi mbele yao wanaelewa karibu kila kitu. Wakisimama mbele ya muuza ndizi wanapotea. Ndiyo sababu leo hakuna karatasi ya kugawa. Wakikuomba habari hii iliyoandikwa, wape mwisho wa kipindi, si kabla.

Anza kwa kuwauliza nani amewahi kufika soko la samaki asubuhi na aliona nini. Dakika tano zinatosha. Kisha andika ubaoni maneno manne tu: ngalawa, kupwa, dalali, fungu. Kupwa wataelewa ukiwaonyesha bahari kupitia dirishani. Usiwaandikie neno "kukataa" hata wakiuliza. Utaona sababu mbele.

Habari utakayosoma ni hii. Kila mkwaju ni mahali pa kuvuta pumzi.

Shangazi yangu anakaanga samaki / na kuwauza karibu na stendi ya mabasi. / Juzi usiku aliniambia, / "Kesho twende wote sokoni. / Uamke saa kumi na moja alfajiri." / Mimi nikaamka saa kumi na mbili, / kumeshakucha. / Shangazi alikuwa ameondoka.

Nikamfuata mbio mpaka pwani. / Maji yalikuwa yamekupwa, / ngalawa zimelala mchangani, / na mashua tuliyoingojea ilikuwa bado haijafika. / Wavuvi walisema itachelewa kwa sababu upepo umetulia. / Nikamwamkia shangazi, / "Shikamoo." / Akaitikia "Marahaba" bila kunitazama, / akanipa ndoo.

Mashua ilipotokea haikuweza kusogea karibu. / Wachukuzi wakaingia majini mpaka kiunoni, / wakabeba matenga mabegani. / Dalali akaanza mnada. / Shangazi aliwataka changu, / lakini bei ikapanda mpaka elfu kumi na nane. / Akanyamaza. / Mama mmoja mwenye kanga ya njano akawachukua.

Shangazi akasogea kwenye fungu la vibua, / akataja elfu saba. / Dalali akakataa. / Shangazi akaongeza mia tano. / Dalali akakubali. / Kijana mmoja akawapasua vibua wetu na kuwaosha, / akaomba elfu moja. / Shangazi akampa vibua wawili, / kijana akacheka, / akaenda zake.

Tuliporudi ndoo ilikuwa kichwani kwangu. / Njiani shangazi hakusema neno. / Lakini jioni, / alipomaliza kuuza, / alinitolea kibua mmoja aliyemficha chini ya sufuria, / mkubwa kuliko wote.

Utasoma mara tatu, na maneno yawe yale yale kila mara. Hili nalisisitiza kwa sababu sisi wenyeji wa lugha tuna tabia ya kubadilisha: mara ya kwanza tunasema "akanyamaza", mara ya pili "akakaa kimya". Sisi tunaona tunawasaidia, ilhali mwanafunzi aliyekuwa akingoja kulisikia tena neno lililompita tumemnyima nafasi hiyo.

Mara ya kwanza kalamu zilale mezani. Kaa nao, simulia kama unavyomsimulia jirani, macho yao yawe usoni kwako. Ukimaliza uliza swali moja tu: shangazi alirudi na samaki gani? Wakisema changu, usiwasahihishe. Sema "Haya, tusikilize tena."

Mara ya pili waandike wanachokamata, hasa saa na bei. Mwendo usiupunguze. Ukiona nyuso zimekunjwa, refusha pumzi kwenye mikwaju, lakini maneno ndani ya kipande yatoke pamoja kama kawaida. Ukitamka "a-ka-ka-ta-a" silabi moja moja, unawafundisha Kiswahili kisichosemwa na mtu yeyote sokoni.

Baada ya hapo wakae wawili wawili, kundi moja liwe la watatu, wasimuliane walichosikia kwa dakika nane. Waache wabishane, wewe zunguka tu na kutega sikio.

Mara ya tatu simama nyuma ya darasa. Hawatakuona mdomo, na wataguna. Endelea. Sokoni watu huwasemesha mgongoni vilevile.

Sasa maswali. Uliza kwa mdomo, wajibu kwa mdomo.

Msimulizi alichelewa kuamka kwa muda gani? Jibu: saa moja. Hapa atatokea anayesema aliamka saa sita, kwa kuwa anatafsiri kichwani kwa kutoa sita. Mkumbushe kwamba saa zetu za mchana zinahesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, na za usiku tangu kuzama kwake, halafu mwambie ajibu bila kuitazama simu.

Kwa nini mashua ilichelewa? Upepo ulikuwa umetulia. Na kwa nini wachukuzi waliingia majini? Maji yalikuwa yamekupwa, mashua isingeweza kufika ufukweni. Sababu hii ya pili haikutamkwa wazi, wanaiunganisha wenyewe kutoka sentensi mbili zilizo mbalimbali, kwa hiyo wape muda.

Nani alinunua changu, na kwa bei gani? Mama mwenye kanga ya njano, elfu kumi na nane.

Dalali alifanya nini shangazi alipotaja elfu saba? Alikataa. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Nilipofundisha habari hii mara ya kwanza, watu wanne waliniambia dalali alikata samaki. Walisikia "akakata". Irabu moja imegeuza mnada wote. Wakikosea, soma kipande hicho peke yake mara mbili, kisha andika ubaoni kata na kataa, kufa na kufaa, kua na kuua. Tamka moja, wanyooshe kidole kwenye neno walilosikia. Mkazo nao unahama: KAta, kaTAa. Dakika kumi hapa hazipotei.

Shangazi alilipa kiasi gani kwa vibua? Elfu saba na mia tano. Je, kijana alipewa pesa? Hapana, alipewa vibua wawili.

La mwisho: shangazi alikuwa amekasirika? Mmejuaje? Likubali jibu lolote lenye ushahidi ndani ya habari: hakumtazama, hakusema neno njiani. Wengine watakwambia alikuwa ameshasamehe, kwa sababu ya kile kibua cha chini ya sufuria. Wawili waliokuja kujifunza ngoma kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa huwa hawaongei sana. Swali hili waanze wao.

Ukibakiwa na dakika tano, soma aya ya nne ukibadilisha mambo matatu: elfu saba iwe elfu sita, kijana awe mzee, akacheka iwe akanuna. Wagonge meza kila wanaposikia kosa. Safari hii hata wanyonge hugonga.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja akamuulize muuzaji mmoja bei ya kitu, asiandike papo hapo, na Alhamisi aje na maneno ya muuzaji kama alivyoyasema, si bei peke yake. Waambie wasalimie kwanza.