YAH: Ofa ya nafasi ya Meneja wa Ghala na Usambazaji: maombi kuhusu mshahara wa msingi na malipo ya kusaini mkataba

9 Januari 2026

Ndugu Meneja wa Rasilimali Watu,

Habari za kazi.

Nimepokea barua yenu ya ofa ya tarehe 6 Januari, na nashukuru kwa imani mliyonionyesha pamoja na muda ambao Mkurugenzi wa Uendeshaji alitumia kunitembeza ghalani baada ya usaili. Nafasi hii naitaka. Likizo, bima ya afya, kipindi cha majaribio cha miezi sita na saa za kazi, yote nimeyasoma na sina pingamizi nayo. Kabla sijasaini, naomba tuzungumzie mambo mawili tu: mshahara wa msingi, na malipo ya mara moja ya kusaini mkataba ambayo kwenye ofa hayamo.

Kwanza mshahara. Ofa ni shilingi 3,600,000 kwa mwezi kabla ya makato, pamoja na posho ya usafiri ya 350,000, yaani jumla 3,950,000. Ninakofanya kazi sasa, mshahara wa msingi ni 3,450,000, posho ya usafiri 300,000, na malipo ya saa za ziada kwa miezi 12 iliyopita yana wastani wa 280,000. Hiyo ni jumla ya 4,030,000. Kwa ngazi ya meneja mkataba wenu hautoi malipo ya saa za ziada, jambo ambalo ni la kawaida na silipingi, ila maana yake ni kwamba ukitazama mshahara wa msingi peke yake unaona nyongeza ya 150,000, na ukijumlisha kila kitu unakuta pungufu ya 80,000 kila mwezi. Nakala za hati za mishahara za miezi 12 nimeziambatanisha ili mjihakikishie wenyewe.

Jambo la pili linalobeba ombi hili ni ukubwa wa kazi yenyewe. Tangazo la nafasi, na hata mazungumzo ya usaili wa kwanza, yalihusu ghala moja lenye wafanyakazi 14. Kipengele cha 3 cha barua ya ofa kinaongeza ghala la pili, madereva na matanboi, hivyo walio chini ya meneja wanafika 31, na kinamtaka meneja apatikane kwa simu kwenye zamu ya usiku. Majukumu hayo nayaweza. Magari yasiposimamiwa na mtu yuleyule anayesimamia mzigo, hitilafu za kupakia hugeuka ugomvi wa nani alaumiwe, kwa hiyo naona mantiki ya kuyaunganisha. Ila kazi iliyoandikwa kwenye ofa ni kubwa kuliko ile iliyotangazwa, na nadhani kiwango kilipangwa kwa ile ya kwanza.

Kwa sababu hizo naomba mshahara wa msingi uwe shilingi 4,200,000 kwa mwezi, posho ya usafiri ibaki ilivyo. Jumla itakuwa 4,550,000, takriban asilimia 13 juu ya ninachopata sasa kwa kazi yenye eneo dogo zaidi.

Huenda ikaonekana rahisi kuniongezea posho badala ya mshahara. Ningeomba tusiende njia hiyo. Mchango wa pensheni, malipo ya likizo na nyongeza ya kila mwaka kwenye rasimu ya mkataba vyote vinakokotolewa kwa mshahara wa msingi, na posho inaweza kuondolewa kwa waraka mmoja. Najua pia kwamba kwa upande wenu 600,000 ya mshahara wa msingi haiishii kwenye 7,200,000 kwa mwaka, kwa kuwa mchango wa mwajiri hupanda nayo. Ndiyo maana sikutaja tarakimu ya juu ili tu nipate pa kushukia.

Ikiwa ngazi ya mishahara mliyonayo haifiki 4,200,000 kwa mtu anayeanza, niko tayari kuanza na 3,900,000, kisha 4,200,000 kuanzia tarehe 1 Agosti 2026, kipindi cha majaribio kikiisha. Naomba tu tarakimu hiyo, tarehe yake na vigezo vyake viandikwe ndani ya mkataba. Maneno "mshahara utaangaliwa upya" hayamfungi yeyote, na aliyeyaandika anaweza kuwa amehama ifikapo Agosti. Vigezo ninavyopendekeza vinapimika: tofauti kati ya hesabu ya mfumo na mzigo uliohesabiwa ghalani isizidi asilimia 0.5 ya thamani, na mizigo inayomfikia mteja siku iliyoahidiwa isipungue asilimia 95.

Malipo ya kusaini mkataba ninayoomba ni shilingi 5,290,000, na yametokana na hasara mbili za kuhama. Bonasi yangu ya mwaka 2025, sawa na mshahara wa mwezi mmoja, yaani 3,450,000, hulipwa mwisho wa Machi kwa aliye kazini tarehe 31 Machi pekee. Nikiondoka kabla ya hapo inapotea yote. Halafu kuna notisi. Mkataba wangu unadai siku 30. Nikiwasilisha barua Jumatatu tarehe 19 Januari, siku hizo zinaisha tarehe 17 Februari, wakati ninyi mnanihitaji tarehe 2 Februari. Siku 16 zinazobaki lazima nizilipie mwajiri wa sasa: 3,450,000 mara 16 gawanya kwa 30, sawa na 1,840,000. Mkikubali nianze Jumatano tarehe 18 Februari, kiasi hicho cha pili kinaondoka na ombi linabaki 3,450,000. Uamuzi huo nawaachia, kwa kuwa ninyi ndio mnaojua kama ghala linaweza kusubiri.

Viwango hivyo ni kabla ya kodi. Notisi nitailipa kutoka kwenye pesa iliyokwisha kukatwa kodi, lakini siombi mnifidie tofauti hiyo.

Kwa kuwa malipo ya namna hii huhitaji kinga kwa mwajiri, napendekeza yalipwe pamoja na mshahara wa kwanza, na nikiacha kazi kwa hiari kabla ya miezi 12 nirejeshe sehemu moja ya kumi na mbili kwa kila mwezi ambao sikuutumikia. Kwa mfano, nikiondoka baada ya miezi tisa, marejesho ni robo: 1,322,500, ukiondoa kodi iliyokatwa kwenye sehemu hiyo. Naomba iandikwe wazi kwamba kinachorejeshwa ni kile kilichoingia mkononi, na kwamba sharti hili halihusu kupunguzwa kazini. Hapa ndipo mizozo hutokea: mtu hudaiwa kiasi kamili wakati sehemu yake ilishaenda kwenye kodi.

Kati ya maombi haya mawili, mshahara wa msingi ndio wenye uzito zaidi kwangu. Kama bajeti ya mwaka huu inabana, ni afadhali malipo ya kusaini yapungue kuliko mshahara wa msingi.

Barua yenu inataka jibu ifikapo Ijumaa tarehe 16 Januari. Nitashukuru nikipata msimamo wenu ifikapo Jumatano tarehe 14, ili nakala iliyorekebishwa isainiwe kabla sijawasilisha notisi tarehe 19. Sitajiuzulu kabla ya mkataba kusainiwa na pande zote mbili. Ikiwa ni rahisi zaidi kuzungumza, napatikana kwa simu Jumatatu au Jumanne baada ya saa 11 jioni.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
Rehema

Viambatisho: hati za mishahara za Januari hadi Desemba 2025, ukurasa wa mkataba wa sasa unaohusu notisi na bonasi.